Kontena la Nakuru na Saa Tatu Zinazohesabu Pesa

Mfanyabiashara wa Nakuru anayeagiza matairi, vipuri vya pikipiki au vigae kutoka ng'ambo huwa ameshapiga hesabu ya bei ya mali, nauli ya meli na ushuru wa KRA. Inayomshangaza ni ankara inayokuja baada ya mali kufika dukani: dola kadhaa kwa kila siku ambayo kontena lilichelewa kurudi. Mawakala wetu hapa Mombasa hupigiwa simu za hasira kwa jambo hilo karibu kila wiki. Basi tulifafanue kwa utulivu, kwani ni jambo la kuhesabu siku tu, na mwenye kuhesabu mapema haumii.

Kontena likishashushwa Kilindini, saa tatu huanza kugonga. Ya kwanza ni ya bandari. Mzigo wa kubaki Kenya umekuwa ukipewa siku 4 za bure ndani ya bandari ya Mombasa, na baada ya hapo Halmashauri ya Bandari hutoza ada ya kuhifadhi. Ya pili ni ya kampuni ya meli, kwa muda ambao kontena lake limejaa na halijatolewa bandarini: hiyo ndiyo dimareji. Ya tatu pia ni ya kampuni ya meli, tangu kontena litoke getini mpaka lirudi tupu kwenye depo: hiyo ndiyo ditensheni. Kampuni nyingi huziunganisha hizi mbili za mwisho kuwa hesabu moja, toka siku ya kushusha mpaka siku ya kurudisha, na watu mjini huziita zote dimareji. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza wakala ni hili: siku zangu za bure ni ngapi, zinaanza siku gani, na zimeunganishwa au zimetenganishwa? Jumapili na sikukuu kwa kawaida nazo huhesabiwa.

Tuchukue mfano. Kontena la futi 40 linakwenda Nakuru, siku za bure ni 10 zilizounganishwa, na baada ya hapo ni dola 40 kwa siku. Bei hizi ni za mfano. Kila kampuni ina zake, na kwa kawaida hupanda kadiri siku zinavyozidi. Meli imeshusha Alhamisi tarehe 1 na hesabu inaanza kesho yake. Siku ya mwisho ya bure ni tarehe 11, ambayo ni Jumapili. Depo ikiwa haipokei Jumapili, siku yako ya mwisho hasa ni Jumamosi tarehe 10.

Sasa tazama njia. Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni kilomita 640 hivi, na trela lenye mzigo mzito, ukitia mizani, msongamano na mapumziko ya dereva, lihesabie siku mbili. Kushusha mali kwa mikono ni siku nzima. Kuteremka tena Mombasa na kontena tupu, hesabu siku mbili nyingine. Kwa hiyo safari peke yake inakula siku tano, na nusu ya muda wako wa bure imekwenda barabarani.

Mzigo ukitoka bandarini Jumanne tarehe 6, unafika Nakuru tarehe 8, unashushwa siku hiyo hiyo, na lori linaondoka tarehe 9 asubuhi na kufika Mombasa tarehe 10 jioni. Ukiikuta depo imefunga, umekwisha kosa. Na kama karatasi zilichelewa, mzigo ukatoka Ijumaa tarehe 9, utafika Nakuru Jumapili tarehe 11, utashushwa Jumatatu, na kontena litapokewa depo Alhamisi tarehe 15. Hapo utalipa siku 4 za kampuni ya meli, yaani dola 160, na juu yake siku 4 za bandari, tarehe 6 mpaka 9. Hakuna aliyeiba wala aliyelala. Ni karatasi tu zilizochelewa siku tatu.

Dawa ya kwanza iko kabla meli haijafika. Manifesti hufika forodhani kabla ya meli kutia nanga, na wakala mwenye hati ya shehena, ankara na cheti cha ubora mkononi anaweza kuingiza tamko kwenye mfumo wa iCMS na ushuru ukalipwa mali ingali baharini. Katika mfano wetu, mzigo ungetoka Jumamosi tarehe 3 na kontena tupu kurudi tarehe 8, siku tatu zikisalia. Siku hizo tatu ndizo za kufidia lori lililoharibika Mtito Andei. Wanaochelewesha sana ni wale wanaosubiri meli ifike ndipo wamtafutie muuzaji hati, na ngojangoja huumiza matumbo.

Dawa ya pili ni kuomba siku zaidi, 14 au 21, wakati wa kuagiza. Mara nyingi nauli hulipwa na muuzaji wa kule Uchina au Dubai, kwa hiyo yeye ndiye mwenye sauti kwa kampuni ya meli. Mwambie aombe, na siku hizo ziandikwe kwenye hati ya shehena yenyewe. Meli ikishafika, ombi lako linakuwa la huruma tu.

Dawa ya tatu ni mahali pa kurudisha. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, safari ya siku moja. Kampuni nyingine hukubali kontena tupu Nairobi, pengine kwa ada. Linganisha ada hiyo na siku unazookoa, na upate kibali kwa maandishi kabla lori halijageuka.

Wapo wanaouliza: si kuna bandari kavu ya Naivasha, ndani ya kaunti ya Nakuru kwenyewe? Ipo upande wa Mai Mahiu, na reli ya kisasa ilifika huko 2019. Lakini ilikusudiwa zaidi mizigo ya Uganda, Sudan Kusini na nchi jirani, na Septemba 2022 Rais Ruto aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Ukaribu wa depo haukufaidii kitu ikiwa hati yako haikuitaja na kampuni yako ya meli haipokei makontena matupu pale.

Njia nyingine ni kulifungua kontena hapa hapa Mombasa, kwenye bohari, mali ikapakiwa kwenye lori la kawaida. Kontena linarudi tupu siku hiyo hiyo bila kuipanda Mazeras. Utalipa wapagazi na bohari, na ulinzi lazima uwe mkali. Vigae na vioo havipendi kushikwashikwa mara mbili. Kwa matairi na mitumba njia hii inafaa, na vijana wetu wanapata kazi.

Mwisho ni mwenye lori. Wengine wakishashusha Nakuru huegesha siku mbili wakitafuta mzigo wa kuteremka nao, na wengine huutia ndani ya kontena lako bila idhini ya mwenye meli. Andikianeni tarehe ya kurudisha, na kwamba siku zikizidi kwa sababu yake analipa yeye. Kisha dai karatasi ya depo yenye tarehe na hali ya kontena, uihifadhi. Depo ikisema imejaa, omba jibu la maandishi siku hiyo hiyo. Ankara ikija baada ya miezi miwili, hizo karatasi mbili ndizo zitakazokutetea.