Mwenye Hisa, Mdau na Mnywa Maji: Funzo la Mto Tigithe

Ubepari una desturi ya kubadili kanzu kila unapoaibishwa. Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni ni kuwaongezea faida wenye hisa, mradi isivunje kanuni za mchezo. Mwaka 1984 mwenzake, Edward Freeman, akatoa nadharia nyingine: meneja awaangalie wote wanaoguswa na shughuli za kampuni, yaani wafanyakazi, wateja, wakopeshaji na majirani. Hao ndio tunaowaita leo wadau. Makada wengi huiona nadharia ya pili kuwa ndugu wa Ujamaa. Kabla ya kukubali hayo, yatupasa tuipime penye maji.

Mto Tigithe unapita kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, na kumwaga maji yake katika Mto Mara uendao Ziwa Viktoria. Mgodi huo ulikuwa wa kampuni ya Barrick ya Kanada, ambayo mwaka 1999 ilikwisha kuchukua Bulyanhulu mkoani Shinyanga. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia mtoni. Wanakijiji walidai kwamba watu na mifugo walikufa, kampuni ikakana.

Asidi hiyo haikumwagwa kutoka pipani. Mawe taka ya migodi ya aina hii yana madini ya salfaidi. Yakiwa chini ya ardhi hayana madhara. Yakichimbuliwa, hewa na mvua huyageuza kuwa asidi, nayo asidi huyeyusha metali zilizomo katika mwamba. Mara nyingi chuma huacha utandu wa rangi ya kutu juu ya mawe ya mtoni, na mwanakijiji akiuona hujua pana jambo. Lakini aseniki haina rangi wala ladha. Maji yanaweza kuonekana safi nayo yakawa na sumu, na asiye na maabara hana ushahidi. Wala kazi haiishi mgodi ukifungwa, kwa kuwa lundo la mawe huendelea kutoa asidi kwa miaka mingi, hali gawio lilikwisha kugawanywa zamani.

Kampuni ilieleza kwamba wezi walichukua nailoni iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye. Tuseme ilikuwa hivyo. Bado twauliza: ni mipango gani hiyo ambayo usalama wa mto mzima unategemea nailoni isiyolindwa, mahali ambapo dhahabu ililindwa kwa bunduki? Gharama ya mlinzi wa nailoni ingeandikwa katika vitabu vya kampuni. Hatua za mama anayekwenda kutafuta kisima kingine haziandikwi katika kitabu chochote. Hapo nadharia ya mwenye hisa imefanya kazi yake barabara.

Na nadharia ya wadau? Nayo ilikuwapo, katika ripoti na mikutano na vijiji. Kasoro yake ni kwamba humketisha mnywa maji katika benchi moja na benki iliyokopesha, kisha humwachia meneja kazi ya kupima nani asikilizwe. Benki ina mkataba. Mwanakijiji ana malalamiko. Kushirikishwa kusikokuwa na uwezo wa kusema hapana ni kuarifiwa tu.

Mwaka 2019, baada ya uvujaji wa bwawa la topesumu, Baraza la Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6. Mwezi Julai likaenda mbele na kuzuia bwawa lisitumike. Bila bwawa mtambo hauna pa kutupia tope, kwa hiyo dhahabu haitoki. Zuio liliondolewa mwezi Septemba. Faini kampuni huweza kuihesabu kama gharama ya kazi; zuio humfikia mwenye hisa mwenyewe pale anapoishi. Friedman alitaja kanuni za mchezo kwa kupita tu, kumbe hapo ndipo pana vita yote: nani anaziweka, na nani anapima maji.

Wapo watakaosema jambo hili limekwisha, kwa kuwa mwaka 2020 Serikali ilitia saini mapatano ya Twiga na kupata hisa asilimia 16 katika North Mara, Bulyanhulu na Buzwagi. Kwa upande wa mapato, hiyo ni hatua kubwa. Lakini Mwadui, wilayani Kishapu, Serikali imekuwa mwenye hisa kwa miongo mingi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la topesumu ulibomoka huko huko, tope likatoka nje ya mgodi likafunika ardhi ya wanavijiji. Uzalishaji ulisimama hadi mwaka 2023. Dola lenye hisa hupoteza gawio kila linapofunga bwawa, na mkaguzi wake anajua hivyo anapoingia getini. Kwa hiyo kipimo cha maji hakifai kukaa mikononi mwa mgodi wala wizara inayongoja gawio. Matokeo yabandikwe kila mwezi katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, na mkutano mkuu wa kijiji uwe na haki kisheria ya kudai zuio.