Anayepiga Mayowe Bado Anapumua

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya lori la mabomu kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kulisikika mlipuko mdogo. Lilikuwa guruneti. Watu kwenye ofisi za jirani wakafanya kile ambacho wewe na mimi tungefanya: wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini. Ndipo lori likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Nairobi pekee watu 213 walikufa. Maelfu walijeruhiwa, wengi wao macho.

Mimi siku hiyo nimeisoma tu, na kinachonikaa akilini zaidi ni safari ya kwenda hospitali. Majeruhi hawakungoja ambulensi. Walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya wasamaria, wengi wakipelekwa moja kwa moja Hospitali Kuu ya Kenyatta. Nia ilikuwa safi. Lakini anayebebwa kwanza ni yule anayefikika: aliye barabarani, anayetembea, anayelia. Aliyefukiwa chini ya jumba la Ufundi lililoporomoka alingoja kuchimbuliwa. Sasa, ukihudumia watu kwa foleni kama ya benki, wenye majeraha madogo watamaliza madaktari na vitanda kabla mahututi hawajafika.

Tatizo hili ni kongwe. Miaka ya 1790, daktari Dominique Larrey wa jeshi la Ufaransa alikuta kwamba cheo ndicho kilichoamua nani atibiwe kwanza. Yeye akaweka kanuni nyingine: aliyeumia vibaya zaidi atangulie, awe jenerali au askari wa kawaida. Baadaye kazi hiyo ikapewa jina triaji, kutoka neno la Kifaransa la kuchambua, kama unavyochambua mchele.

Mwaka 1983, wazimamoto na hospitali moja ya Newport Beach, California, walitunga utaratibu rahisi wa kuchambua, usiozidi kama dakika moja kwa kila mtu. Kwanza unatangaza: anayeweza kutembea aende pale. Wote wanaoenda ni kijani, watangoja. Kisha unawaendea waliobaki. Je, anapumua? Kama hapumui, unamfungulia njia ya hewa. Asipoanza kupumua, anapewa nyeusi na unasonga. Akianza, ni nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiye na mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono, au asiyeweza kufuata agizo dogo kama “finya mkono wangu”, naye ni nyekundu. Anayebaki ni manjano.

Hebu tuwaze watu watatu wamefika kasualti pamoja. Wa kwanza ni dada ambaye uso umejaa damu na vioo, anapiga mayowe hadi nje. Wa pili ni mzee aliyevunjika mguu, anaongea vizuri, mpigo wake uko sawa. Wa tatu ni kijana aliyeegemea ukuta, kimya, bila jeraha unaloliona. Wengi wetu tungemkimbilia dada. Lakini anayepiga mayowe bado anapumua, na alijitembeza mwenyewe mpaka mlangoni: kijani, ingawa jicho lake linahitaji daktari leo leo. Mzee ni manjano. Kijana anapumua mara 36 kwa dakika, na mpigo kwenye kifundo haupatikani. Huenda anavuja damu ndani. Yeye ni nyekundu, na ndiye anaingia kwanza.

Rangi hizi si hukumu ya kudumu. Mzee anaweza kuwa sawa saa tano na kuzimia saa sita, kwa hivyo nesi lazima arudi kuwapima upya waliongoja. Kosa jingine ni huruma. Ukimpa kila mtu nyekundu kwa sababu damu inatisha, umerudisha ile foleni ya benki, ila sasa ina rangi moja.

Nyeusi ndiyo inanisumbua. Siku ya kawaida, mtu asiyepumua akiletwa kasualti, wote wanaacha walichokuwa wakifanya na kumvamia: kifua kinabonyezwa, hewa inasukumwa, dawa zinadungwa. Siku ya mamia, mtu huyohuyo, mwenye mwili uleule, anapitwa. Hajabadilika yeye, iliyobadilika ni hesabu ya mikono. Watu wanne wakikaa naye nusu saa, wekundu kadhaa waliokuwa na nafasi nzuri zaidi wanaweza kufa wakingoja.

Naielewa hesabu hiyo na naikubali. Ila ukikutana na ndugu aliyeuliza mwaka ule mbona wake alipitwa, usimwambie eti madaktari hawakujali. Mwambie kulikuwa na mwingine, kimya, ameegemea ukuta.