Voltiji ya Kizingiti na Kanda Zinazopinda

Chukua silikoni iliyotiwa boroni, yaani aina ya P, yenye matundu 10¹⁷ kwa kila sentimita ya ujazo. Itandike oksaidi ya nanomita 10, kisha weka juu yake lango la silikoni iliyokolezwa fosforasi. Hiyo ni kapasita ya MOS, na ndani yake tutaitafuta voltiji ya kizingiti.

Lango likiwa na voltiji hasi ya kutosha, matundu huvutwa hadi chini ya oksaidi, na kanda za nishati hupinda kwenda juu pale usoni. Huo ni mlimbikizo. Katika kapasita yetu kanda hunyooka lango likifika kama volti −0.98. Kwa hiyo hata kwenye sifuri zimeshaanza kuinama.

Ukizidi kupandisha voltiji, matundu hufukuzwa na kuacha ayoni za boroni, ambazo haziwezi kuhama. Wengine huita hali hii upungufu. Mimi napendelea mkauko, kwa sababu ukanda huo huwa karibu hauna chaji yoyote inayotembea.

Kanda zikiendelea kuinama, elektroni huanza kujitokeza usoni. Zikiinama kwa kiasi φF, elektroni na matundu huwa sawa pale usoni. Kwetu φF ni volti 0.417, umbali wa kiwango cha Fermi kutoka katikati ya pengo la nishati. Zikiinama maradufu, volti 0.835, elektroni za usoni hulingana na matundu yaliyoko ndani kabisa ya silikoni. Uso wa aina ya P umekuwa kama wa aina ya N: huo ni ugeuko, na hapo ndipo tunapopima kizingiti:

```
VT = VFB + 2φF + Qd/Cox
   = −0.98 + 0.835 + 0.48 ≈ 0.34 V
```

Sehemu ya mwisho ni voltiji inayobaki kwenye oksaidi kwa kuzibeba chaji za boroni, Qd, ndani ya mkauko wa nanomita 104 hivi.

Mbona 2φF, wakati elektroni zilikuwapo hata kabla? Kwa kweli ni makubaliano tu, ila yana mantiki. Katika joto la chumbani, kila milivolti 60 za mpindo huzidisha elektroni mara kumi. Zikishakuwa nyingi, ongezeko dogo la mpindo hutosha kuipokea karibu chaji yote mpya, na ukanda uliokauka karibu unaacha kupanuka. Ndiyo maana chini ya kizingiti mkondo wa transista ya MOS hauzimiki ghafla. Hupungua hatua kwa hatua, hivyo transista iliyozimwa bado huvujisha.

Maabarani kuna mtego. Kapasita tupu haina chanzo cha elektroni kando yake, hivyo huzisubiri zizaliwe kwa joto, polepole. Ukipima kwa ishara ya megahezi 1, uwezo wa kapasita kubeba chaji hubaki chini hata ugeuko ukiwepo. Ukipandisha voltiji haraka mno, uwezo huzidi kushuka badala ya kutulia, ishara kwamba mkauko umechimba ndani kuliko kawaida na elektroni hazijawahi kufika.