Nani Anaweza Kutaja, Kunukuu au Kusambaza Chapisho Lako katika Mtandao wa X

Wananchi wengi wanaofuatilia matangazo ya serikali katika mtandao wa X hudhani kwamba afisi inapofunga majibu chini ya tangazo, hakuna mtu mwingine anayeweza kulitumia. Dhana hiyo si sahihi, na matapeli wanaijua vyema.

Kabla ya kuchapisha, mwenye akaunti huchagua watakaoruhusiwa kujibu. Chaguo la "Everyone" huruhusu watu wote, na lile lenye masharti makali zaidi, "Only accounts you mention", huwaruhusu tu waliotajwa kwa alama ya @ ndani ya chapisho lenyewe. Hata hivyo, mpangilio huu unahusu majibu peke yake. Aliyenyimwa nafasi ya kujibu bado anaweza kulisoma chapisho, kulisambaza upya, na kulinukuu huku akiongeza maneno yake juu yake.

Tuchukue mfano. Afisi ya elimu ya kaunti inatangaza Jumatatu kwamba fomu za basari zinatolewa bila malipo kwa machifu na zitapokewa hadi Ijumaa. Majibu yamefungwa. Jioni, akaunti yenye nembo ileile, ambayo jina lake la mtumiaji linatofautiana kwa herufi moja tu, inalinukuu tangazo hilo na kuandika kuwa muda umeongezwa, na kwamba kila mzazi atume shilingi 300 kwa nambari fulani ya simu. Mzazi anayesoma kwa haraka anaona nembo aliyoizoea na tangazo la kweli chini yake, akaamini kuwa afisi imejinukuu yenyewe.

Katika nukuu, maneno ya juu ni ya aliyenukuu. Yaliyo ndani ya kisanduku ndiyo ya chapisho la asili. Gusa kisanduku hicho ili ufike kwenye akaunti ya kwanza, kisha ulinganishe majina ya mtumiaji yanayoanza kwa @, herufi kwa herufi. Jina kubwa la juu lisikushawishi, kwani kila mtu anaweza kujipa lolote. Alama ya tiki ya kijivu huonyesha akaunti ya serikali au ya shirika la kimataifa, lakini si kila afisi ya umma inayo. Tiki ya buluu hununuliwa, kwa hiyo pekee haithibitishi kuwa akaunti ni ya serikali.

Je, afisi inaweza kuiondoa nukuu hiyo? X haina kitufe cha kumwezesha mwenye chapisho kuitenganisha na chapisho lake. Kilichopo ni kuiripoti akaunti hiyo kwa kosa la kujifanya mtu au taasisi nyingine. Kulifuta tangazo la asili ndiyo hatua mbaya zaidi: usambazaji wa kawaida hutoweka pamoja nalo, ilhali nukuu hubaki na maneno yake ya uongo, na kisanduku huonyesha tu kuwa chapisho halipatikani. Wananchi hupoteza kitu cha kulinganishia. Ni afadhali tangazo libaki na masahihisho yachapishwe.

Kwa akaunti ya mtu binafsi, njia ya kuzuia usambazaji ni "Protect your posts", inayopatikana katika "Privacy and safety", chini ya "Audience, media and tagging". Ukiiwasha, machapisho yako yote, hata ya zamani, yataonekana na wafuasi wako tu, na hata wao hawataweza kuyasambaza upya kwa kitufe. Watakaoomba kukufuata baadaye watasubiri idhini yako, lakini waliokuwepo hubaki mpaka uwaondoe mwenyewe. Ukiuzima mpangilio huo, kila kilichokuwa kimefichwa huwa wazi. Hakuna mpangilio unaomzuia mfuasi kupiga picha ya skrini, kwa hiyo nambari ya kitambulisho au barua ya mtoto ya kujiunga na shule isiwekwe hata humo. Afisi ya umma, kwa upande wake, haiwezi kutumia kinga hii bila kuwafungia wananchi nje.

Kutajwa ni jambo jingine. Yeyote anaweza kuandika jina lako la mtumiaji katika chapisho lake. Ukitumbukizwa katika mabishano, gusa nukta tatu kwenye chapisho na uchague "Leave this conversation": jina lako litabaki kama maandishi ya kawaida, lakini arifa za mazungumzo hayo zitakoma. Kuwekewa alama katika picha kuna mpangilio wake, "Photo tagging", ambao unaweza kuwaachia unaowafuata pekee au kuuzima kabisa.

Ukikutana na nukuu ya kitapeli, hifadhi kiungo chake na picha ya skrini inayoonyesha jina la mtumiaji kabla haijafutwa. Ripoti hupokewa na kituo cha KE-CIRT/CC kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Aliyekwisha kutuma fedha aijulishe kwanza kampuni yake ya simu, kisha kituo cha polisi kilicho karibu.