Ukanda wa makadirio: namna ya kusoma ripoti yenye rangi

Kigunduzi ni programu inayokisia kama maandishi yametungwa na mtu au na akili mnemba. Ripoti yake huwa na sentensi zilizopakwa rangi, na mara nyingi neno linaloonyesha mashine imeegemea upande gani: huenda, yaelekea, haijulikani. Neno hilo napendekeza tuliite ukanda wa makadirio. "Kiwango cha uhakika" kinapotosha, kwa sababu mwalimu akisoma "uhakika wa juu" ataona kesi imekwisha.

Kampuni ya OpenAI ilitoa kigunduzi chenye kanda tano Januari 2023. Kwa majaribio yake yenyewe, ni asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine yaliyoangukia ukanda wa "yaelekea", na asilimia 9 ya maandishi ya watu yaliangukia humo humo. Julai mwaka huo walikifunga. Ukanda huo wa juu kabisa, basi, bado ulikuwa makadirio.

Rangi nazo zina mtego wake. Tuseme insha ina sentensi 50, na ripoti ya Turnitin imepaka rangi sentensi 12. Juu itaandikwa asilimia 24. Hiyo ni sehemu ya sentensi zilizopakwa rangi. Haisemi kwamba uwezekano wa mwanafunzi kudanganya ni asilimia 24. Tena mashine haikuzipima sentensi moja moja. Hukata maandishi vipande vya maneno mia kadhaa vinavyopandana, hukipa kila kipande alama kati ya 0 na 1, kisha sentensi hupata wastani wa vipande vilivyoibeba. Ndiyo maana sentensi ya mwanafunzi mwenyewe, ikikaa kando ya aya ya mashine, hupakwa rangi pamoja nayo. Turnitin wenyewe walieleza mwaka 2023 kwamba zaidi ya nusu ya sentensi zilizopakwa rangi kimakosa zilikuwa jirani na za mashine.

Kwa hiyo mwanafunzi asiitwe kwa sababu ya sentensi moja yenye rangi. Tazama rangi imekusanyika wapi: aya tatu zinazofuatana zina uzito, mistari iliyotawanyika haina. Kisha mwombe rasimu zake, umwulize alifikaje kwenye hoja ya aya hizo. Ripoti ya Turnitin ikionyesha kinyota badala ya namba, matokeo yako chini ya asilimia 20, mahali ambapo watengenezaji wanakiri makosa ni mengi zaidi. Hapo sioni haki ya kumwita mtu.

Na insha ya Kiswahili? Ukiitafsiri kwa mashine kwenda Kiingereza ili kigunduzi cha Kiingereza kiisome, rangi utakazoziona zitakuwa zimehukumu tafsiri uliyoifanya wewe. Insha ya mwanafunzi itakuwa haijapimwa.