"Fragrance-free" na "Unscented": Lebo mbili zinazofanana, lakini hazimaanishi kitu kimoja

Kwenye rafu za losheni, sabuni na deodoranti kuna maneno mawili ambayo wanunuzi wengi huyachukulia kuwa sawa. Moja ni "Fragrance-free", yaani bidhaa haikuwekwa manukato. Jingine ni "Unscented", yaani bidhaa hainuki. Kwa mtu ambaye ngozi yake huwasha au kifua hubana akikutana na manukato, tofauti hiyo si ndogo. Lebo ya kwanza inazungumzia kilichowekwa ndani ya chupa. Ya pili inazungumzia kile pua inachosikia tu.

Kwa nini kitu kisichonuka kinaweza kuwa na manukato?

Malighafi nyingi za losheni na sabuni zina harufu yake ya asili, na si nzuri. Mafuta yanayotokana na sufu ya kondoo, kwa mfano, yananukia mnyama. Baadhi ya mafuta ya mimea nayo yana harufu nzito. Mteja akifungua chupa akakutana na harufu hiyo, atadhani bidhaa imeharibika.

Ili kuiondoa, kiwanda huongeza kiasi kidogo cha manukato ya kufunika. Hayo hayawekwi ili losheni inukie, bali yanaizima ile harufu mbaya mpaka pua isisikie chochote. Bidhaa ikishakuwa hivyo, inaandikwa "Unscented", na kwa maana ya neno lenyewe hakuna uongo hapo.

Tatizo ni kwamba mzio wa ngozi hauhitaji pua. Kinga ya mwili ikishaitambua kemikali fulani kama adui, itaishambulia kila inapogusa ngozi, inuke isinuke. Ndiyo maana Chuo cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani huwashauri watu wenye pumu ya ngozi kutafuta maneno "Fragrance-free" na wasitosheke na "Unscented".

Lebo nzuri zaidi nayo ina mwanya

Kwa vipodozi vinavyouzwa Marekani, sheria haijaweka maana rasmi ya maneno haya mawili. Mtengenezaji ndiye anayeamua atayatumiaje. Kwa hiyo hata "Fragrance-free" haimalizi kazi. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni mafuta ya mimea. Losheni inaweza kuwekwa mafuta ya lavenda au ya maganda ya chungwa kwa maelezo kwamba yanatuliza ngozi. Lakini mafuta hayo yamejaa linalool na limonene, zilezile zinazotumika kwenye manukato. Zikikaa kwenye hewa hubadilika na kuwa kali zaidi kwa mtu mwenye mzio, hivyo chupa iliyofunguliwa siku nyingi inaweza kuleta shida kuliko mpya. Neno "asili" halimlindi mtu hapa.

La pili ni kemikali yenye kazi mbili. Benzyl alcohol huzuia bidhaa isioze, lakini pia ina harufu, na wapo wenye mzio nayo. Ikiwekwa kama kihifadhi, bidhaa bado inaweza kubeba maneno "Fragrance-free".

Geuza chupa

Jibu la kweli liko nyuma, kwenye orodha ya viambato yenye maandishi madogo. Tuchukue losheni tatu za mfano.

Ya kwanza imeandikwa mbele "Unscented". Nyuma, karibu na mwisho wa orodha, kuna neno "Parfum". Hayo ni manukato, na neno hilo moja linaweza kubeba mchanganyiko wa kemikali nyingi ambazo hazitajwi. Bidhaa za Marekani huandika "Fragrance", na maana ni ileile. Mwenye mzio airudishe.

Ya pili imeandikwa "Fragrance-free". Nyuma hakuna "Parfum", lakini kuna "Lavandula Angustifolia Oil". Hayo ni mafuta ya lavenda. Nayo airudishe.

Ya tatu imeandikwa "Fragrance-free", na nyuma kuna maji, glycerin, petrolatum na cetearyl alcohol. Neno "alcohol" hapo lisimtishe mtu. Cetearyl alcohol ni nta laini ya kuipa losheni uzito, si manukato. Hii ndiyo ya kujaribu.

Bidhaa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya husaidia zaidi. Sheria ya huko iliwahi kutaka kemikali 26 za manukato zitajwe kwa majina zikizidi kiwango fulani, na mwaka 2023 orodha hiyo ikapanuliwa hadi zaidi ya 80. Ndiyo maana chupa kutoka Ulaya huonekana na majina kama Linalool, Limonene, Geraniol, Citral na Eugenol mwishoni.

Jaribu kwanza kwenye mkono

Hata orodha ikiwa safi, bidhaa mpya isipakwe uso mzima siku ya kwanza. Njia inayopendekezwa na madaktari wa ngozi ni kupaka kiasi kidogo sehemu moja, ndani ya mkono au kwenye kiwiko kwa ndani, mara 2 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Sabuni ya kuosha inaachwa kwa muda uleule ambao ingekaa mwilini, kisha inasuuzwa.

Siku hizo zote zina sababu. Mzio wa ngozi huchelewa. Vipele vinaweza kutokea siku 1 hadi 3 baada ya kupaka, ndiyo maana watu hulaumu chakula cha jana huku losheni ya juzi ikiendelea kutumika. Kinachowasha au kuchoma ndani ya dakika chache mara nyingi ni ukali wa bidhaa tu, lakini nacho ni sababu ya kuiacha.

Mtu akiacha bidhaa, asitegemee kupona kesho yake. Ngozi inaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia. Vipele visipoisha, aangalie pia sabuni ya kufulia, kilainisha nguo, shampuu na hata manukato ya mtu anayelala naye kitanda kimoja. Kope na shingo ndizo huonyesha dalili mapema, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba.

Wanaosumbuliwa na harufu yenyewe

Wapo ambao ngozi yao haina shida, ila harufu huwaletea kikohozi, kifua kubana au kipandauso. Kwao "Unscented" inaweza kuwa nafuu kuliko bidhaa yenye harufu kali, lakini manukato ya kufunika nayo hupanda hewani. "Fragrance-free" bado ndiyo chaguo la kwanza. Kwa watu hawa, udi uliofukizwa sebuleni au dawa ya kunukiza gari inaweza kuwa na uzito kuliko losheni yao wenyewe.

Lini kumwona daktari

Vipele vikirudi kila mara bila chanzo kujulikana, daktari wa ngozi anaweza kufanya kipimo cha mabaka. Vibandiko vyenye kemikali mbalimbali, yakiwemo mchanganyiko wa manukato, hubandikwa mgongoni, huondolewa baada ya saa 48, na ngozi hukaguliwa tena siku chache baadaye. Mgonjwa huondoka na majina kamili ya vitu vya kukwepa, na hayo ndiyo atakayoyatafuta nyuma ya kila chupa.

Midomo au uso ukivimba ghafla, au pumzi ikikata, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali hapohapo.