Mizizi Myeusi, Ncha za Dhahabu: Vita Virefu na Mstari Mmoja

Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Jambo dogo tu, lakini ndilo limewasumbua wapaka rangi tangu karne ya 19. Chukua mtu mwenye nywele nyeusi, zipaushe leo mpaka ziwe za dhahabu. Baada ya wiki sita ana sentimita moja na nusu ya weusi juu ya kichwa, na pale weusi unapokutana na dhahabu pana mstari mkali kama uliopigwa kwa rula. Makala hii ni historia ya mstari huo, na ya jinsi saluni zilivyoishia kuacha kuufukuza.

Chanzo ni Ufaransa. Mwaka 1818 mkemia Louis Jacques Thénard alitengeneza hidrojeni peroksaidi. Miaka karibu 50 baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, mkemia wa London aitwaye Thiellay na mtengeneza nywele wa Paris aitwaye Hugo walionyesha kwamba maji hayo yanapausha nywele. Yakichanganywa na amonia, magamba ya nje ya unywele hufunguka, peroksaidi inaingia ndani na kuivunjavunja melanini, ile chembe inayoupa unywele weusi wake. Ikishavunjika hairudi. Ila kiwanda cha melanini hakiko kwenye unywele, kiko chini ya ngozi, nacho hakina habari kabisa na yaliyotokea huko juu. Kinaendelea kutoa nyeusi kama kawaida.

Mwaka 1931 Hollywood ilimtangaza mwigizaji Jean Harlow kuwa mrembo wa nywele za rangi ya platinamu, na wanawake wengi wakataka kufanana naye. Platinamu haisamehe mizizi. Harlow alifariki mwaka 1937 akiwa na miaka 26, na uvumi ukaenea kwamba blichi ndiyo iliyomuua. Si kweli, figo zake zilishindwa kufanya kazi. Lakini uvumi huo unaonyesha watu walivyoanza kuona kwamba kukimbizana na mizizi kuna gharama yake.

Kwa nini ni lazima kukimbizana? Hapa kuna fizikia kidogo. Ngozi ya kichwa ina joto, na joto huharakisha kazi ya peroksaidi. Unywele ulio karibu na ngozi, kama sentimita 2 hivi za mwanzo, hupauka haraka kuliko ulio mbali zaidi. Mteja akirudi mapema, sehemu yote mpya iko ndani ya joto hilo na inapauka sawasawa. Akichelewa mpaka mizizi ifike sentimita 4 au 5, anatoka na mikanda: njano iliyopauka karibu na ngozi, kisha utepe wa rangi ya chungwa, kisha dhahabu ya zamani. Ndiyo maana ratiba ya saluni ikawa wiki nne mpaka sita, mwaka mzima. Na blichi mpya ikigusa nywele zilizopaushwa tayari, zinaweza kukatika.

Kuna na jicho pia. Mwaka 1865 mwanafizikia Ernst Mach alieleza kwamba mahali kiza kinapopakana na mwanga, macho yetu hukuza tofauti iliyopo: upande wa giza huonekana mweusi zaidi, upande wa mwanga mweupe zaidi. Kwa hiyo kinachotukera si weusi wa mizizi wenyewe, ni ukingo. Rangi mbili hizohizo zikipishana polepole kwa sentimita kadhaa, jicho linatulia. Hakuna pa kushika.

Wataalamu wa rangi walilifikia hilo kwa mikono, bila kumsoma Mach. Katika karne ya 20 walianza kupausha vishungi vichache badala ya kichwa kizima, kwanza kwa kofia yenye matundu, halafu kwa karatasi za foili. Wafaransa wakaja na mtindo wa kupaka blichi kwa brashi huru, bila foili. Mstari ukavunjikavunjika. Hatua kubwa zaidi, iliyoshika kasi miaka ya 2010, ilikuwa kugeuza kazi yenyewe: badala ya kupausha mizizi ifanane na ncha, unaishusha rangi ya mizizi iingie kwenye dhahabu. Huo ndio mtindo wa kivuli cha mizizi. Ukiendelea nao mpaka rangi tatu ziyeyukiane kutoka juu hadi chini, unapata rangi ya kuyeyushana.

Tuchukue mteja mmoja wa mfano. Saluni hupima weusi kwa ngazi, 1 ikiwa nyeusi kabisa na 10 dhahabu iliyopauka mno. Mizizi yake ni ngazi ya 3, sentimita 5, na urefu uliobaki ni ngazi ya 9. Blichi haiguswi hata kidogo. Inatumika dai laini yenye peroksaidi ya asilimia 3 au chini, inayoweka rangi bila kupausha. Kivuli kinachaguliwa ngazi ya 4, si ya 3, kwa sababu nywele zilizopaushwa zina matundu mengi na hunywa rangi kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Kinapakwa kutoka juu kidogo ya mstari na kushuka sentimita 3 hivi, kishungi hiki 2, kile 5. Vikilingana, umechora mstari mpya chini ya ule wa zamani! Kisha inafuata ngazi ya 7 katikati, ikipanda juu ya kivuli kwa sentimita 2, na pale zinapokutana unasugua kwa vidole mpaka usijue ipi ni ipi. Ncha zinabaki 9, zikipakwa kondishena ili rangi nyeusi isizidake wakati wa kusuuza.

Hapo katikati ndipo wengi huharibu. Blichi iliondoa wekundu na chungwa vilivyokuwa ndani ya unywele. Ukiweka kahawia ya baridi juu ya njano tupu, inatoka rangi ya tope yenye ukijani. Ndiyo maana ngazi ya 7 inachaguliwa yenye dhahabu au shaba ndani yake. Baada ya dakika tano futa kishungi kimoja kwa taulo uangalie: ukiona ukijani, suuza mapema.

Mteja huyu anaweza kukaa miezi mitatu au minne bila mstari, ingawa dai laini huchuja kila anapoosha. Kwa mwenye mvi nyingi mambo yanageuka. Mizizi yake inaota nyeupe chini ya kivuli cheusi, na mstari unarudi ukiwa umepinduka.

Na rangi yenyewe? Nyingi za aina hii zimejengwa juu ya molekuli za ukoo wa PPD, iliyoanza kutumika kwa nywele Ufaransa miaka ya 1880. Mwaka 1909 Eugène Schueller, mwanzilishi wa kampuni tunayoijua leo kama L'Oréal, aliisajili kwa jina lenye maana ya "rangi zisizodhuru" za nywele. Jina zuri, lakini PPD ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuzusha mzio wa ngozi. Huku pwani tunaifahamu bila kulijua jina lake, kwani mara nyingi imo kwenye piko nyeusi ya maharusi. Mwili uliokwisha kuikataa unaikumbuka kwa miaka mingi. Kama piko iliwahi kukuvimbisha au kukutoa malengelenge mkononi, mwambie mtengeneza nywele kabla hajafungua boksi, na usipakwe dai hiyo mpaka daktari wa ngozi akupime. Kwa wengine wote, tone dogo nyuma ya sikio na kusubiri saa 48.